Nywele za mtoto zimekuwa nyekundu na zinakatika

"Mwanangu wa miaka miwili, nywele zimekuwa kama kutu, nyepesi, zinakatika. Ni jua la pwani au chakula?"

Waalaikum salaam dada. Tazama mashina kwanza. Watoto wa hapa Malindi wanaoshinda ufukweni hupauka ncha tu, huku chini nywele ni nyeusi na ngumu. Kama wekundu umeanzia kwenye ngozi, shika nywele chache uvute taratibu: zikitoka bila mtoto kushtuka, hilo si jua.

Kisha bonyeza upande wa juu wa nyayo zote mbili kwa kidole gumba, uhesabu sekunde tatu. Shimo likibaki, mpeleke zahanati leo leo, hata kama anaonekana mnene. Unene huo ni maji.

Mpwa wangu alibaki na shimo. Aliachishwa ziwa mamake aliposhika mimba, akawa wa uji wa mahindi na chai ya rangi. Unywele wenyewe ni protini. Ikipungua mwilini, shina hunyauka, uzi hutoka mwembamba na rangi nyeusi hufifia. Sisi tulikuwa tukimpaka mafuta ya nazi!

Zahanati walimpima mkono kwa utepe (chini ya sentimita 11.5 ni hatari), wakampa pakiti za siagi ya karanga iliyoongezwa maziwa, vitamini na madini. Nywele huota kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo mwezi wa pili alikuwa na weusi chini, wekundu juu. Usimshindilie samaki na mayai nyumbani kabla hajapimwa. Mtoto aliyevimba anaweza kuzidiwa.