Kizingiti cha kuishi: P inaelekea 0 au 4?

> "Nimetenganisha P' = P(P−1)(4−P), P ni mamia ya wanyama. Nimepata (P−1)⁴ / (P³|4−P|) = Ce^(12t). Nimekwama: P inaishia wapi?"

Habari ndugu. Utenganishaji wako ni sahihi. Usihangaike kuitoa P peke yake. Huo ni mlinganyo wa daraja la nne, na mimi nilipoteza jioni nzima hapo.

Anza na mstari wa awamu: weka nukta 0, 1 na 4, kisha pima alama katikati yake. Kwa P = 0.5 unapata 0.5 × (−0.5) × 3.5 = −0.875, mshale unashuka. Kwa P = 2 unapata 4, unapanda. Juu ya 4 unashuka tena. Kwa hiyo 1, yaani wanyama 100, ndicho kizingiti.

Sasa rudi kwenye jibu lako. Ukianza na 0.5, C = 1/7; ukianza na 2, C = 1/16. Zote ni chanya, kwa hiyo C haikuambii upande uliopo. Upande wa kulia ukikua bila kikomo, kigawanyo kushoto lazima kiende 0: ama P → 0, ama P → 4. Mstari ndio unaochagua, kwa sababu suluhisho halivuki 1.

Hakiki hivi: karibu na 0, P' ≈ −4P, na fomula yako nayo inatoa P inayopungua kama e^(−4t).