Rangi ya chumba kimoja ninunue ndoo ngapi?

"Wakuu, nataka kupaka rangi chumba. Ninunue kiasi gani?"

Ndugu, fundi yeyote atakayekujibu kabla hujampa vipimo anabahatisha, na hasara itakuwa yako. Chukua futi kamba, pima urefu wa kuta zote nne, zijumlishe, kisha zidisha kwa kimo cha ukuta.

Tuseme chumba ni mita 4 kwa 3, kimo mita 3. Mzunguko ni mita 14, kwa hiyo kuta ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, kama mita za mraba 4, zinabaki 38. Rangi ya maji kwenye ukuta laini hufunika takribani mita za mraba 10 kwa lita, mkono mmoja. Mikono miwili ni 76, yaani lita 7.6. Makopo mawili ya lita 4 yanatosha. Ndoo ya lita 20 ungeiacha ikaukie stoo. Dari sijaihesabu.

Ila je, plasta ni mpya? Hapo hesabu inabadilika, maana plasta mpya hunywa rangi. Anza na praima, la sivyo utajikuta unapaka mkono wa tatu. Tena kabla ya praima iache plasta ikauke kama wiki nne. Ukitaka kuhakikisha, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa utepe wa gundi pande zote, ukiache usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone ndani, subiri. Ukipaka hivyo rangi itavimba na kubanduka. Matone yasipoisha hata baada ya wiki kadhaa, mwite fundi aangalie bomba au msingi kwanza.