Mimba ya kwanza nikiwa na miaka 37: ifuatilie presha kuliko kitu kingine

Wiki ya tisa ya mimba nilikwenda kliniki kwa mara ya kwanza, hapa Dar es Salaam. Nesi akaniuliza umri, nikamwambia 37. Akauliza hii ni mimba ya ngapi, nikamwambia ya kwanza. Akachukua kalamu nyekundu, akauzungushia umri wangu duara kwenye kadi, kisha akaendelea na maswali mengine. Hakunieleza lile duara lina maana gani, na mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani nalo kichwani, na wiki nzima sikulala vizuri.

Hofu yangu yote ilikuwa kwa mtoto. Nilishasikia kwamba ukichelewa kuzaa unaweza kupata mtoto mwenye sindromu ya Down. Ni kweli uwezekano huo unaongezeka na umri, lakini hakuna aliyewahi kunitajia hesabu yenyewe. Kwa mama wa miaka 25 ni takriban mtoto 1 katika 1,250. Kwa wa miaka 35 ni 1 katika 350, na kwa wa miaka 40 ni 1 katika 100. Mimi nilikuwa katikati ya hizo mbili za mwisho. Maana yake, ukikusanya wanawake mia mbili wa umri wangu wenye mimba, karibu wote watazaa mtoto asiye na hali hiyo. Wiki ya 12 nilipigwa ultrasaundi, daktari akapima maji yaliyo nyuma ya shingo ya mtoto. Kipimo hicho hakikupi jibu la ndiyo au hapana. Kinasogeza tu uwezekano juu au chini, na ukisogea juu ndipo unazungumzia vipimo vingine. Wangu ulisogea chini.

Kwa sukari nilipimwa wiki ya 26: unaamka bila kula, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Omba kipimo hicho kama hukupewa, kwa sababu sukari ya mimba huja kimya na umri unaiongeza. Majibu yangu yalikuwa mazuri.

Kilichonipata mimi ni presha.

Daktari bingwa wa wanawake niliyemwona wiki ya 13 ndiye aliyenieleza lile duara. Alisema umri na mimba ya kwanza, kila kimoja peke yake, kinaongeza kidogo uwezekano wa presha ya mimba inayoweza kufika hadi kifafa cha mimba. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili. Akanichorea kondo la nyuma kwenye karatasi. Linapojishika kwenye mji wa mimba, mishipa ya damu ya mama inatakiwa itanuke sana ili damu ipite kwa wingi. Kwa baadhi ya wanawake mishipa hiyo haitanuki inavyotakiwa. Kondo likikosa damu ya kutosha linamwaga kemikali kwenye damu ya mama, na kemikali hizo zinaumiza mishipa ya mwili mzima: ya figo, ya ini na ya ubongo. Dalili zinakuja baada ya wiki ya 20, lakini tatizo lilianza zamani, kondo lilipokuwa linaota.

Ndiyo maana dawa ya kukinga inaanzwa mapema. Aliniandikia aspirini ndogo ya miligramu 75, vidonge viwili kila usiku. Alisisitiza nianze kabla ya wiki ya 16, maana ukichelewa sana kondo limeshajishika na faida inapungua. Usiinunue dukani ukaanza mwenyewe. Mwenye vidonda vya tumbo, au pumu inayochochewa na aspirini, anaweza kuumia. Lakini kama umepita miaka 35 na hii ni mimba ya kwanza, muulize daktari wako kwa maneno haya haya: "Je, ninahitaji aspirini?" Na uulize kabla ya wiki ya 16. Ujue pia kwamba aspirini inapunguza uwezekano tu. Mimi niliimeza kila usiku, na presha ikaja hata hivyo.

Jambo la pili alilonishauri ni kununua mashine ya presha ya kuvaa kwenye mkono wa juu, siyo ya kifundo. Nilikwenda nayo kliniki mara ya kwanza, tukapima kwa mashine yao na kwa yangu, tukaona zinakaribiana. Hatua hiyo usiiruke, kwa sababu zipo mashine zinazosoma chini wakati mama mjamzito ana presha ya juu kweli.

Na kupima kwenyewe kuna namna yake. Unakwenda haja ndogo kwanza. Unakaa kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, miguu yote miwili sakafuni, bila kukunja nne. Mkono unalala mezani usawa wa moyo, mkanda unafungwa kwenye ngozi, siyo juu ya nguo. Huongei. Unapima, unasubiri dakika moja, unapima tena, unaandika zote mbili. Kama una mkono mnene, tafuta mkanda mkubwa, maana mkanda mdogo unapandisha namba. Nilikuwa nikipima mara mbili kwa wiki, na kuanzia wiki ya 30 kila asubuhi.

Wiki ya tisa nilikuwa 112/70. Wiki ya 24 nilikuwa 116/72. Wiki ya 31 ilifika 128/82, na wiki ya 34 ilifika 136/88. Nilipoionyesha hiyo ya mwisho kwenye kituo kimoja cha afya, niliambiwa, "Mama, hii ni kawaida, haijafika 140 kwa 90. Punguza wasiwasi." Ni kweli mpaka ni 140 kwa 90. Lakini aliyenijibu aliitazama namba ya siku ile peke yake, na daftari langu lililoonyesha ngazi inayopanda hakulifungua. Nakuomba sana, ukipewa jibu kama hilo, fungua daftari lako mwenyewe, weka kidole kwenye namba ya kwanza na ya mwisho, na uombe mkojo upimwe protini siku hiyo hiyo. Ni kijiti kinachochovywa kwenye mkojo, na jibu linatoka ndani ya dakika chache. Siku hiyo mkojo wangu haukuwa na kitu, lakini niliondoka nikijua.

Kuvimba miguu ndiko kulikotaka kunichanganya. Shangazi yangu, ambaye amezaa watoto sita, aliniambia, "Mwanangu, miguu ya mjamzito lazima ivimbe." Alisema kweli, miguu kuvimba jioni peke yake si dalili kubwa. Siku tatu baadaye pete ya ndoa ikakataa kutoka kidoleni, na asubuhi nilipoamka macho yalikuwa yamevimba. Uvimbe wa ghafla wa uso na mikono ni jambo jingine.

Wiki ya 35 na siku nne, saa moja asubuhi, mashine ilisoma 144/92. Nikapima tena, ikawa 146/92. Sikuwa naumwa popote. Nilimpigia daktari, akaniambia nije, kwa sababu wanataka kuiona mara mbili, angalau saa nne zikipita katikati. Hospitali, saa tano na nusu, ilikuwa 148/94 na protini kwenye mkojo alama mbili. Nikalazwa.

Naeleza yaliyofuata ili usishangae yakikupata. Walinitoa damu kuangalia chembe sahani, ini na figo, na kipimo hicho kikarudiwa mara mbili kila wiki. Mapigo ya moyo ya mtoto yalisikilizwa kila siku, na ultrasaundi ikapima ukuaji wake na maji yanayomzunguka. Nilianzishiwa dawa ya nifedipini. Nikamuuliza daktari dawa hii itaniponya lini. Akaniambia hainiponyi, inanizuia tu nisipate kiharusi. Ugonjwa unaanza kuisha kondo likitoka. Kwa hiyo kazi ilikuwa kupima siku kwa siku: mtoto akue kidogo zaidi ndani, na mimi nisifike pabaya. Wiki ya 37 ndiyo ilikuwa mwisho wa kusubiri. Kama presha ingefika 160 kwa 110, au damu ingeharibika, au mtoto angedhoofika, tusingeisubiri.

Kila zamu nesi aliniuliza maswali yale yale, nami nikayakariri, na nakuachia uyakariri hata kama uko nyumbani: kichwa kinauma na hakitulii kwa paracetamoli? Unaona ukungu, nyota au mwanga unaomwekamweka? Unaumwa chini ya mbavu, upande wa kulia? Mtoto anacheza kama jana? Ukijibu vibaya swali mojawapo, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, hata kama kliniki yako ni kesho asubuhi. Maumivu ya chini ya mbavu wengi wanayaita kiungulia, wakanywa soda na kulala. Hapo ini ndilo linaloumia.

Wiki ya 37 nilianzishiwa uchungu. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba umri wangu lazima uishie kisu. Uwezekano wa upasuaji huongezeka kweli, lakini haikuwa lazima. Baada ya saa 14 nilizaa kwa njia ya kawaida, binti wa kilo 2.6, akalia mara moja.

Sehemu ambayo karibu hakuna aliyeniandaa nayo ni baada ya hapo. Presha huwa inapanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kujifungua, wakati wengi wameshatoka hospitali na nyumba imejaa wageni. Siku ya tano nilikuwa kwa mama yangu, natayarishiwa uji wa pilipili manga, nikahisi kichwa kizito. Nikaomba wageni watoke chumbani, nikakaa dakika tano, nikapima: 158/102. Mama alitaka nilale kwanza, akidhani ni uchovu. Tulikwenda hospitali na mtoto mikononi, dozi ikaongezwa, nikabaki pale siku mbili. Kifafa cha mimba kinaweza kumpata mwanamke hata wiki kadhaa baada ya kuzaa, kwa hiyo mashine usiifungie kabatini ukishashika mtoto. Pima kila siku wiki ya kwanza, kisha uendelee kwa mpangilio wa daktari mpaka wiki ya sita.

Mimi nilipunguziwa dawa kidogo kidogo. Wiki ya sita nilikuwa 122/78, mkojo hauna protini, na wiki ya saba nikaacha kidonge cha mwisho. Daktari aliandika kwenye kadi kwamba presha yangu ipimwe angalau mara moja kila mwaka maisha yangu yote, maana aliyepitia haya ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha ya kudumu baadaye. Pia nikishika mimba tena, aspirini ianze wiki ya 12.