Bluu mbili za Warusi: goluboy na siniy

"Wakuu, nimesoma mahali eti Warusi wana bluu mbili na wanaona rangi ambazo sisi wengine hatuzioni. Ni kweli hii au chai?"

Mkuu, bluu mbili ni kweli kabisa, hapo kwenye "hatuzioni" ndo chai inapoanzia. Nimesoma Moscow na hayo maneno nilikuwa nayatumia kila siku, so ngoja nikueleze yanavyofanya kazi.

Goluboy ni ile bluu nyepesi, ya anga mchana kweupe, siniy ni iliyokolea kama wino wa peni. Sisi tukisema bluu mpauko na bluu iliyokoza bado zote ni bluu, wao hawana neno moja la kawaida la kuzibeba zote mbili. Mwoneshe Mrusi shati la rangi ya anga umuulize kama ni siniy, atakwambia hapana, goluboy, na wala hajihisi anakubishia kitu kidogo. Ukitaka kuipata hiyo hisia fikiria pinki, kimsingi ni nyekundu iliyoongezwa nyeupe nyingi, lakini mwambie dada mwenye gauni la pinki kwamba kavaa gauni jekundu uone atakavyokuangalia.

Mahali inapokubana haswa ni metro, yaani treni za chini ya ardhi. Ramani ya Moscow ina laini namba 3 ambayo ni siniy na namba 4 ambayo ni goluboy, na hizo laini mbili zinapita karibukaribu katikati ya mji, halafu kila moja ina stesheni yake inaitwa Arbatskaya na nyingine inaitwa Smolenskaya. Majina yaleyale, stesheni tofauti! Sababu ni ya zamani, ile ya juu juu, ambayo sasa ni goluboy, ilifunguliwa 1935, mwaka 1953 wakajenga nyingine chini sana ya kuchukua nafasi yake, kisha 1958 ile ya zamani wakairudisha kazini. Na usidhani utashuka Smolenskaya moja uhamie nyingine kwa ndani, hakuna njia, unatoka nje barabarani ndo unaingia tena. Kwa hiyo mtu akikwambia mkutane Smolenskaya anaongezea "golubaya" au "sinyaya" (maneno yanabadilika kufuata jina, kama ngeli zetu tu) na kwake ameshamaliza maelezo. Kuna jamaa mmoja aliyekuwa bado kwenye mwaka wa kujifunza Kirusi alisikia tu "laini ya bluu", akasimama kwenye ile nyingine mpaka wenzake wakaondoka zao.

Sasa kuhusu macho. Mwaka 2007 watafiti Winawer, Boroditsky na wenzao walitoa utafiti, walichukua vivuli 20 vya bluu kuanzia chepesi hadi cheusicheusi, kwenye skrini unaona kisanduku kimoja juu na viwili chini, unabonyeza kile cha chini kinachofanana na cha juu. Basi. Wanaoongea Kiingereza waliweza, Warusi waliweza, kwa hiyo hakuna aliyeona rangi ambayo mwenzake haioni. Ila Warusi walikuwa wepesi zaidi pale vile viwili vya chini vilipokuwa kimoja goluboy kingine siniy, kuliko vyote vikiwa upande mmoja, na hao wa Kiingereza hawakuwa na huo wepesi. Tunaongelea sehemu ndogo ya sekunde hapa, usije ukafikiria ni maajabu.

Kilichonifurahisha mimi ni kitu kingine walichofanya: wakawapa Warusi mfuatano wa tarakimu wawe wanaurudiarudia kimoyomoyo huku wanaendelea kubonyeza, na ule wepesi ukapotea. Walipowapa mchoro wa vyumbavyumba wa kukumbuka badala ya tarakimu, wepesi ukabaki. Maana yake jicho ni lilelile, kinachosaidia ni lile jina linaloitika kichwani lenyewe bila kuitwa, ukiishughulisha sehemu ya maneno na kazi nyingine msaada unakatika.

Na mpaka wenyewe hauko sehemu moja kwa kila mtu, ndo maana ilibidi kila mshiriki aulizwe goluboy yake inaishia wapi. Nimeshuhudia Warusi wawili wanabishana juu ya sweta moja, lakini wanabishania iko upande gani, hakuna anayesema pande hazipo.

Kuna mtu atakuja kusema mbona na sisi tuna samawati. Tunayo ndiyo, ila haikulazimishi, ukisema anga ni bluu hakuna wa kukusahihisha. Mtoto wa Kirusi anahesabu rangi za upinde wa mvua saba na hizo mbili zinakaa kila moja na nafasi yake, goluboy kisha siniy, kabla hata hajajua kusoma vizuri.

Halafu kama unaenda huko: goluboy ikisemwa juu ya mwanaume, mtaani maana yake ni shoga. Shati lako liite goluboy upendavyo, ila ukitaka kusema wewe umevaa bluu taja shati, usijitaje mwenyewe.