Kepsheni za TV ya Marekani zimejificha ndani ya picha: namna ya kuzitoa ziwe faili la SRT

Swali: Habari za kazi kaka. Niko Columbus, Ohio, naishi na mama yangu ambaye Kiingereza anakisoma vizuri kuliko anavyokisikia. Tuna antena juu ya nyumba na kiboksi cha kurekodi, kila jioni narekodi taarifa ya habari, faili linatoka .ts. Kwenye TV nikiwasha CC maandishi yanaonekana, ila nikigeuza kuwa mp4 hayapo, na programu inasema hakuna sabutaito. Yamekwenda wapi? Nataka faili la SRT nimtafsirie Kiswahili. Niliwahi kuyatoa mara moja yakaja yanajirudia rudia kila mstari, na yamechelewa nyuma ya sauti.

Jibu: Salama dada, mpe mama shikamoo yangu. Hayajaenda popote, ni kwamba unayatafuta chumba kisicho chake. Watu wengi tumezoea sabutaito kuwa njia yake peke yake ndani ya faili, kuna njia ya picha, njia ya sauti, halafu njia ya maandishi, sasa huko Marekani kwenye matangazo ya antena haiko hivyo. Kepsheni zimepakiwa ndani ya data ya picha yenyewe, kila fremu imebeba kijibahasha chake kidogo, na ndani yake mnaingia herufi mbili tu kwa wakati. Ni urithi wa enzi za TV za analogi, maandishi yalikuwa yanasafiri kwenye mstari wa 21 wa picha, ule wa juu ambao hauonekani kwenye kioo, na kuanzia Julai 1993 sheria ya Marekani ikataka kila TV ya inchi 13 kwenda juu iwe na dikoda ya kuyasoma maandishi hayo ndani yake. Dijitali ilipokuja wakaendelea kubeba zile zile herufi mbili mbili ili vifaa vya zamani visikwame.

Ndiyo maana mp4 yako imetoka mtupu. Hiyo programu iliichambua picha ikaipika upya, vijibahasha ikavitupa kwa sababu haikuambiwa ivitunze. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, kazi hii inafanyika kwenye lile faili la .ts la asili, kabla hujaligusa kwa kitu kingine chochote, najua ni zito, saa moja ya HD inaweza kula giga 6 au zaidi, lakini ukishalifuta hakuna pa kuyapata tena maandishi.

Kuhakikisha yamo, fungua faili kwa VLC uende kwenye menyu ya sabutaito, ukiona Closed captions 1 ichague, zikitokea basi umepata. Au kama una ffmpeg kwenye kompyuta:

```
ffprobe habari.ts
```

Angalia ule mstari wa Video. Baada ya ukubwa wa picha utaona maneno `Closed Captions`. Usihangaike kutafuta mstari wa Subtitle, haupo na hautakuwepo.

Chombo cha kuzitoa ni CCExtractor, ni cha bure na kimetengenezwa kwa kazi hii hii. Ya kawaida kabisa ni hivi:

```
ccextractor habari.ts -o habari.srt
```

Nadhani hapa ndipo ulipofika ile mara moja ukakata tamaa, maana kwa taarifa ya habari unapata kitu cha namna hii:

```
1
00:00:04,170 --> 00:00:05,670
GOOD EVENING. WE BEGIN TONIGHT

2
00:00:05,671 --> 00:00:07,300
GOOD EVENING. WE BEGIN TONIGHT
WITH THE STORM MOVING IN
```

Halafu namba 3 inakuja na mistari yote miwili pamoja na wa tatu, namba 4 wa kwanza unadondoka, na kadhalika. Chombo hakijaharibika. Kinachotokea ni kwamba kepsheni zina staili tofauti. Vipindi vilivyoandaliwa mapema, tamthilia, filamu, hata matangazo mengi ya biashara, maandishi yanaandaliwa pembeni halafu yanachomoza yote kwa mpigo na kufutika kwa mpigo, hizo zikitoka zinakuwa SRT safi kama imeandikwa kwa mkono. Habari za moja kwa moja ni kitu kingine, mstari mpya unaandikwa chini na ile ya juu inapanda ngazi moja, kawaida mistari miwili au mitatu inakaa kwenye kioo. Sasa SRT haijui kupanda, inajua tu onyesha hiki kuanzia muda huu mpaka muda ule, kwa hiyo CCExtractor inaigiza kile kioo kwa kupiga picha kila kinapobadilika, na ndio ule mrudio unaouona. Kwa kuangalia tu haina shida sana. Kwa kutafsiri ni balaa, utatafsiri sentensi moja mara tatu. Dawa yake:

```
ccextractor -noru habari.ts -o habari.srt
```

Hapo kila mstari unatoka mara moja tu. Hizi option nimeandika kama zilivyo kwenye toleo la 0.88 ambalo bado liko kwenye mashine yangu ya ofisini, matoleo mapya yanataka vistari viwili mbele na baadhi ya majina yamerefushwa, ikigoma andika `ccextractor --help` utaiona hapo ilivyoitwa.

Tukija kwenye kuchelewa, hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapopoteza siku nzima. Kuna kuchelewa kwa aina tatu na kila moja ina chanzo chake, ukitibu moja kwa dawa ya nyingine unaharibu zaidi. Fanya hivi, chukua SRT yako, tafuta sehemu tatu, mwanzoni, katikati na karibu na mwisho, kila sehemu chagua neno ambalo huwezi kukosea kulisikia, jina la mji au namba, halafu pima sekunde ngapi zinapita tangu linatamkwa mpaka linaandikwa. Tuseme umepata 3.8, ukapata 5.1, ukapata 4.4. Inacheza cheza lakini haikui. Hiyo ni ya mwandishi wa hatimkato, yaani kuna binadamu mahali fulani anasikiliza na kugonga kibodi yake maalum, anaposikia mpaka maneno yanafika hewani sekunde kadhaa zimeshapita, na akikutana na jina gumu anazidi kuchelewa. Hii unaivuta yote nyuma kwa kiasi kimoja, kwa millisekunde:

```
ccextractor -noru -delay -4000 habari.ts -o habari.srt
```

Mimi huwa navuta pungufu kidogo ya wastani makusudi, yako ni kama 4.4 navuta 4 tu, kwa sababu maandishi yakichelewa nusu sekunde mtu hagundui, yakitangulia kabla mtangazaji hajafungua mdomo yanakera. Haitakaa sawa kila mahali, ukitaka sawa kabisa itabidi uisogeze kwa mkono ndani ya Subtitle Edit na kwa habari ya kila siku sioni kama inalipa. Utaona pia kwamba ukivuta hivi, yale matangazo ya biashara katikati, ambayo yenyewe yalikuwa sahihi, sasa yanatangulia. Achana nayo, au yafute, mama hahitaji tafsiri ya tangazo la bima.

Aina ya pili, umepima ukapata 4, halafu 124, halafu 244, yaani inaruka kwa mapande makubwa. Hiyo siyo ya mwandishi, ni kwamba SRT ulitoa kwenye faili zima halafu video ukaikata matangazo ya biashara, na kila ulipokata ukaacha tundu la dakika mbili. Hapa `-delay` haikusaidii kitu. Geuza mpangilio, kata kwanza .ts bila kuipika upya, vijibahasha vinabaki ndani ya fremu zilizobaki, ndipo utoe SRT kwenye kile kilichokatwa. Aina ya tatu ni ile inayokua taratibu, sekunde moja, kumi, ishirini, hapo shuku programu iliyobadilisha kasi ya fremu, rudi tena kwenye faili la asili.

Halafu kuna herufi kuharibika. Kama kuna sehemu tu zimekatika katika, neno limekosa herufi mbili hapa nne pale, halafu picha nayo ilikuwa inavunjika vipande muda huo huo, hiyo ni antena yako au mvua, bahasha zimepotea njiani na hakuna wa kuzirudisha. Lakini kama maandishi yote yamechanganyika kwa jozi, badala ya `TONIGHT` unasoma `NITOGHT`, hiyo ni tofauti, picha ni nzuri na bado herufi mbili mbili zimebadilishana nafasi. Fremu ndani ya faili hazikai kwa mpangilio wa kuonyeshwa, nyingine zinatumwa mapema kwa sababu wenzake wanazitegemea, na chombo kinatakiwa kizipange kwanza ndipo kisome. Kisipopanga vizuri unapata supu hiyo. Nilishakabidhiwa rekodi za hivyo saa arobaini na kituo kimoja, walizitoa kwa kiprogramu chao cha zamani, dawa ilikuwa kurudi kwenye .ts na kutoa upya, hakuna kurekebisha kwa mkono.

Ya mwisho ni herufi kubwa tupu. Ipo option ya `-sc` inayojaribu kuzirudisha ndogo, ila haijui majina, itakuletea `columbus` na `ohio` kwa herufi ndogo, na kwa sababu wewe unatafsiri kwenda Kiswahili mimi ningeziacha kubwa tu. Alama za `>>` usizifute kabla ya kutafsiri, zinamaanisha msemaji amebadilika, na `>>>` ni habari mpya imeanza, bila hizo utajikuta umemwekea mwandishi wa habari maneno ya gavana. Na ukipata Kihispania badala ya Kiingereza usishtuke, umechukua CC3, yaani njia ya tatu ya kepsheni, kwenye vituo vingi vya huko ndiko kinakokaa, ondoa tu `-2` kwenye amri kama uliiweka.

Ukimaliza lipe jina lile lile la video, `habari.mp4` na `habari.srt` folda moja, VLC italichukua yenyewe. Cheza dakika tano za katikati kwanza uone, ndipo ufute ile .ts.