TF-IDF au embedingi kwa meseji za wakulima?

"Wakuu, nina meseji kama 2,000 za wakulima, nataka kuzigawa kwa aina ya tatizo. Bado kuna haja ya TF-IDF, au niende moja kwa moja kwenye embedingi?"

Mkuu, anza na TF-IDF. Mimi nilianzia kwenye embedingi, nikaja kurudi nyuma.

Nilikuwa na meseji za wakulima wa viazi mviringo, wengi wa huku Mbeya, Isyonje na Umalila. Lebo mbili zilizonisumbua ni ukungu na mnyauko. Ukungu unapigiwa dawa. Mnyauko wa bakteria hauna dawa, unang'oa shina. Embedingi za lugha nyingi nilizotumia ziliyaweka maneno hayo jirani, maana yote ni magonjwa ya mimea, na mkulima wa mnyauko akawa anajibiwa akanunue dawa ya ukungu.

TF-IDF haijui maana, inahesabu maneno tu, na neno adimu linapewa uzito mkubwa. Tuseme una meseji 1,000: "viazi" limo kwenye 800, "mnyauko" kwenye 9. Kwa fomula ya scikit-learn, `ln((1+n)/(1+df))+1`, "viazi" linapata uzito wa 1.22 na "mnyauko" 5.61. Lebo ikitegemea neno moja mahususi, hapo ndipo ilipo nguvu yake.

Ila usihesabu maneno mazima. Kwa Kiswahili "imenyauka", "vinanyauka" na "mnyauko" yatahesabiwa kama maneno matatu yasiyojuana. Kata vipande vya herufi:

```python
TfidfVectorizer(analyzer="char_wb",
    ngram_range=(3, 5), min_df=2,
    sublinear_tf=True)
```

Sasa yote matatu yana "nyauk". Hata aliyeandika "mnyauco" bado ana "nyau", na unajua watu wanavyoandika meseji. Juu yake weka `LinearSVC`; kwenye laptop ya kawaida ni suala la sekunde.

Kisha fungua `coef_` usome vipande vyenye uzito mkubwa kwa kila lebo. Mimi nilikuta "uyole" juu kabisa kwenye ukungu! Kumbe meseji za Uyole nilizikusanya masika tu, ukungu ulipokuwa umepamba moto, na modeli ikajifunza mahali badala ya ugonjwa. Kwenye embedingi nisingeliona kirahisi hivyo. Meseji zilizosambazwa zikajirudia nazo zibakishe nakala moja moja kabla ya kugawa data ya mafunzo na ya majaribio, la sivyo alama zitakudanganya.

Inapofeli ni hapa: "majani yanalala mchana na udongo una maji". Huo ni mnyauko, lakini neno lenyewe halimo, na vipande vyake ni vya kawaida mno. Embedingi ziliikamata. Kwa hiyo endesha zote mbili, chagua zile meseji tu ambazo majibu yake yanatofautiana, uzisome kwa macho. Zangu nyingi zilikuwa za wakulima wanaosimulia dalili bila kutaja jina la ugonjwa, basi hizo tu ndizo nikaziachia embedingi.