Akijibu "???" tupu, jibu swali na usiiguse hasira

*"Nikimwandikia mtu meseji ndefu ananirudishia '???' au emoji moja tu. Namjibu vipi bila kuanza kubuni kwamba kakasirika?"*

Mkuu, hili limenigharimu, kwa hiyo nitakuambia nilivyojifunza.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka. Siku moja nilimtumia mteja meseji tatu mfululizo: faili la kazi, kisha swali kuhusu tarehe ya kukabidhi sehemu ya pili, kisha kumbukumbu ya malipo yaliyobaki. Baada ya saa nzima akajibu "???". Moyo ukaniruka. Nikaandika haraka: "Samahani sana kaka, naona kazi haijakuridhisha, nitairudia." Akajibu: "Kwani kazi ina shida gani? Faili halifunguki kwenye simu yangu." Alikuwa hajasoma hata mstari mmoja. Kuanzia hapo akaanza kuikagua ile tafsiri neno kwa neno akitafuta kosa nililojishtaki mwenyewe. Shaka ile niliipanda mimi.

Ningetulia ningeona jambo moja: viulizo vile havikunukuu meseji yoyote. Kama angebonyeza meseji ya malipo na kuijibu hiyohiyo, ningejua anauliza nini. Vikija peke yake chini ya meseji tatu, maana yake ni kwamba swali lipo, ila hujui linahusu kipi. Basi uliza kipi. Siku hizi naandika hivi: "Nimeona alama zako. Ni kuhusu faili, tarehe au malipo? Faili nimelituma tena kama PDF endapo la kwanza limegoma." Humo hakuna neno hata moja la moyo wake. Anaweza kujibu kwa neno moja, na kile ninachoweza kurekebisha papo hapo nimekwisha kirekebisha.

Angalia pia maneno ya kuulizia, maana Kiswahili chetu kina miiba yake. "Una maana gani?" ukiisoma bila sauti ni ugomvi. "Mbona unajibu hivyo?" tayari ni lawama, kwa sababu "mbona" haliulizi tu, linashtaki. "Kulikoni?" linamwambia kuna balaa. Na "Umekasirika?" ndiyo mbaya kuliko zote: hata kama hakukasirika, sasa ana kazi ya kujitetea. "Sijakupata vizuri hapo" inatosha, kwa sababu upungufu unauweka kwenye kuelewa kwako.

Emoji zina tatizo la ziada, nalo ni kwamba unachokiona si lazima kiwe alichokusudia. Chukua hii 😪. Wengi tunaona chozi. Jina lake rasmi katika Unicode, mfumo wa kimataifa unaozipa emoji majina, ni uso wenye usingizi, na lile tone ni povu la puani, namna wachora katuni wa Kijapani wanavyomwonyesha mtu aliyelala. Isitoshe, kila kampuni ya simu huchora sura zake, hivyo uso mmoja unaweza kuonekana wa furaha kwake na wa kubana meno kwako. Ukiona kisanduku kitupu □, huenda simu yako haina mchoro wa emoji hiyo, na hapo mwambie tu kwamba kwako imekuja kisanduku.

Mwenzangu kazini aliwahi kunijibu 😪 nilipomwarifu kwamba kikao kimesogezwa hadi saa 2 usiku. Ni huzuni? Usingizi? Utani? Sikuchagua. Niliandika: "Saa 2 usiku inakufaa, au nitafute muda mwingine?" Akajibu, "Inafaa, ila nisipoongea mjue nimesinzia." Kabla ya kutuma jibu kama hilo, mimi hulisoma mara tatu: kama vile kakasirika, kama vile anatania, na kama vile kidole kimeteleza. Likikaa sawa katika hali zote tatu, natuma. "Pole sana" haikai, na "hahaha" haikai. Ndiyo maana simrudishii emoji yake pia, kwani nikirudisha 😂 kwa mtu aliyekusudia kilio nimeshachagua upande.

👍 huwa naishughulikia tofauti. Inaweza kuwa "nimeona" au "nimekubali", na penye fedha au tarehe tofauti hiyo ni kubwa. Hapo namwandikia: "Sitaanza hadi uniandikie 'ndiyo', tafadhali." Nukta tatu "..." nazo naziacha kidogo, maana mara nyingi mtu bado anaandika.

Njia hii ina mpaka. Ikiwa unajua mtu yuko msibani, mgonjwa, au amewahi kukuambia anafikiria kujidhuru, usimpe maswali ya faili na tarehe. Mpigie simu. Asipopokea, mwandikie waziwazi: "Nataka kujua kama uko salama," kisha mtafute aliye karibu naye.